Naota nakatwa kiganja, naamka mkono unachoma: ni hofu au ni mwili?

*Daktari, karibu na alfajiri huota nimekatwa kiganja cha kulia, damu haikomi na nguvu zinaniishia kabisa. Nikiamka, kiganja kinachoma na vidole vina ganzi. Usiku mwingine naota damu tele lakini nikiamka siumwi popote, ila moyo unadunda. Jirani ananiambia uhai wangu unapungua. Nitajuaje kipi ni hofu na kipi ni mwili?*

Ndugu msomaji, hizo ni ndoto za aina mbili, na ukizichanganya hutapata jibu la yoyote. Tuanze na ya kiganja.

Ubongo uliolala haufungi milango yote ya hisia. Mwaka 1958 watafiti Dement na Wolpert waliwanyunyizia maji baridi watu waliokuwa usingizini wanaota, kisha wakawaamsha. Baadhi yao walisimulia ndoto zenye mvua au paa linalovuja, ingawa wengi hawakuota maji. Kwa hiyo hisia halisi inaweza kupenya ndotoni, lakini hufika bila maelezo. Mshipa wa fahamu unaobanwa hupeleka habari moja tu, kwamba kiganja kinachoma. Kisu, jeraha na damu ni hadithi ambayo ubongo hujitungia kuelezea mchomo huo. Mchomo unaweza kuwa wa kweli kabisa na damu isiwepo.

Hata ile hali ya kuishiwa nguvu huenda ina asili ya kawaida. Katika usingizi wa ndoto, ambao huwa mwingi kuelekea asubuhi, misuli ya mikono na miguu hulegezwa ili tusiigize tunayoyaota. Ukianza kuzinduka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, mwili huhisi mzito kama wa mtu aliyeishiwa.

Sasa kipimo chenyewe. Ukiamka, usikimbilie kuukung'uta mkono. Kwanza angalia kifundo kilikuwa kimekunjwa au la, kisha gusa kidole kimoja kimoja. Ganzi ikiwa kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, anayeshukiwa ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Hubanwa zaidi kifundo kikikunjwa, ndiyo maana huwasumbua watu usiku, na wengi hupata nafuu wakiukung'uta mkono. Ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo na nusu ya pili ya cha pete, tazama kiwiko: pengine unalala umekikunja sana au umekilalia.

Tuseme ni vidole vya upande wa gumba. Vaa usiku kifaa cha kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka, kisichokaza, kwa wiki kadhaa, na kila asubuhi andika mambo mawili kando kando: ganzi ilikuwepo? Ndoto ilikuwepo? Vikiondoka pamoja, mwili ndio uliokuwa ukiilisha ndoto. Ganzi ikiondoka na ndoto ikabaki, ndoto ina chanzo kingine. Ndoto ikiondoka na ganzi ikabaki, usijipongeze, mshipa bado unabanwa. Usihukumu kwa usiku mmoja, maana hata mwili unapoumwa ndoto haiji kila mara.

Ndoto yako ya pili ina sura ya hofu. Moyo kudunda na jasho ni vitu halisi mwilini, lakini havina mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, na kwa kawaida hutulia ndani ya dakika chache. Hisia ya mshipa hufuata njia ileile ya vidole kila inapokuja. Ikiwa hofu hii inajirudia, mchana ukiwa macho iandike ndoto, ubadilishe sehemu unayotaka iende vingine, kisha uirudie akilini ile mpya kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Hii ni tiba inayotumika kwa jinamizi linalojirudia, hata kwa watu waliopatwa na mambo ya kutisha. Ikiwa ndoto inakurudisha kwenye tukio la kweli, fanya hivyo pamoja na mtaalamu.

Kuhusu uhai kupungua, ndoto haipimi kiasi cha damu. Kama mchana unachoka kupita kawaida, unahema kwa kazi ndogo, unapata kizunguzungu au hedhi ni nzito, nenda ukapime damu, na utakuwa umeenda kwa sababu ya dalili hizo za mchana. Ukiona damu halisi mdomoni, puani au kwenye shuka, itafutiwe chanzo chake vilevile.

Mkono upelekwe hospitali ganzi ikianza kubaki mchana, vitu vikikuponyoka, au nyama ya chini ya gumba ikianza kunywea. Na mkono ukilegea ghafla pamoja na uso kupinda upande mmoja au ulimi kuwa mzito, usingoje asubuhi: hiyo ni dharura.