Essere au avere: sentensi moja iliyoniangusha mtihani wa Kiitaliano

Juzi kijana mmoja wa Malindi aliniandikia: "Dada, mbona nasema sono andato lakini ho camminato, na yote ni mwendo?" Sono andato ni nimekwenda, ho camminato ni nimetembea: la kwanza limeanza na essere, yaani kuwa, la pili na avere, yaani kuwa na, na ndivyo Kiitaliano kinavyotaja jambo lililopita. Swali hilo limenirudisha siku niliyokabidhiwa karatasi yangu ya mtihani ikiwa imejaa wino mwekundu.

Kiitaliano nilijifunzia Watamu, kwa masikio. Nilikuwa nikitembeza wageni, nawaelewa na wananielewa, nikajua nimeshafika. Kisha nikafanya mtihani wa kuandika, barua fupi ya kueleza siku ya jana. Nikataka kusema kwamba jana mimi na dada yangu tulikwenda baharini, tukaogelea, tukanunua machungwa manne na kuyala. Nikaandika:

Ieri io e mia sorella siamo andati al mare, siamo nuotate, abbiamo comprate quattro arance e le abbiamo mangiato.

Makosa manne. Mwalimu aliisoma sentensi ile mbele ya darasa zima, na mpaka leo inaniuma, maana kosa moja lilitoka kwenye kanuni aliyotufundisha mwenyewe: vitenzi vya mwendo huchukua essere. Mdogo wangu, kanuni hiyo itupe leo.

Kitenzi chenye kitu kinachotendwa, kama kununua machungwa au kumwona mtu, huchukua avere. Hapo hapana shida. Shida iko kwa vitenzi visivyo na kitu. Hapo usiulize kama mtu alisogea. Uliza amegeuka nini au yuko wapi baada ya tendo. Aliyefika yupo, aliyeondoka hayupo, aliyezaliwa yupo duniani, aliyekufa hayupo tena. Hao wote ni essere: è arrivata, è partita, è nata, è morta. Lakini aliyeogelea au aliyetembea amefanya shughuli tu, kitenzi hakituambii ameishia wapi. Kwa hiyo ni ho nuotato, ho camminato. Tazama correre inavyobadilika: ho corso per un'ora, nimekimbia saa nzima, lakini sono corsa a casa, nimekimbilia nyumbani. Mimi ni yule yule na miguu ni ile ile. Kilichoongezeka ni mahali pa kufikia. Vipo vichache vya kukariri tu, kama piacere, kupendeza, na restare, kubaki, navyo ni essere. Na vyote vya kujitendea, kama lavarsi, kujiosha, ni essere bila ubishi: mi sono lavata.

Sasa herufi ya mwisho. Ukiwa na essere, neno la pili hufanya kazi kama sifa. Unasema Maria è stanca, Maria amechoka, basi utasema Maria è andata. Mimi na dada yangu ni wanawake wawili, kwa hiyo siamo andate. Angekuwepo kaka yetu hata mmoja, ingekuwa andati.

Ukiwa na avere, neno la pili halibadiliki, hata ukinunua machungwa mia: abbiamo comprato quattro arance. Linabadilika pale lo, la, li au le inapotangulia, na hapa Mswahili ana bahati ambayo wengi hawaioni. Sisi husema "tumeyala". Lile -ya- linakaa mbele ya mzizi likitaja ngeli ya machungwa. Mwitaliano naye hutanguliza le, ila yeye hulipigia mhuri mwishoni pia: le abbiamo mangiate. Kila unapohisi kiambishi cha yambwa kwenye Kiswahili chako, simama uangalie herufi ya mwisho ya Kiitaliano chako.

Kuna mtego mmoja. Le inaweza kuwa "yeye, mwanamke" kwa maana ya "kwake", na hapo mhuri haupigwi. Nimempigia simu: le ho telefonato. Nimemwandikia: le ho scritto. Ukisikia kauli ya kutendea, shtuka. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu "nimemsaidia" ina mlio huo huo, na Mwitaliano husema l'ho aiutata. Hakika inapatikana kwenye kitenzi chenyewe: ni telefonare a Maria, scrivere a Maria, lakini aiutare Maria, bila a. Palipo na a, hakuna kubadilisha. Kwa hiyo ukijifunza kitenzi kipya, kiandike daftarini pamoja na a yake. Watu hawataki kuandika, wanataka kuzoea tu, na mimi nilizoea miaka nikiwa nimezoea makosa.

Nilirudia mtihani mwaka uliofuata nikapita. Na ile sentensi nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, ikiwa imesahihishwa kwa mkono wangu:

Ieri io e mia sorella siamo andate al mare, abbiamo nuotato, abbiamo comprato quattro arance e le abbiamo mangiate.