Kumbukumbu haikupungua nusu baada ya kuwasha autocast

*"Nimewasha autocast na GradScaler kwenye kadi ya GB 8 nikitarajia kumbukumbu ipungue nusu. Imepungua kidogo tu, na sasa hasara ya modeli inashuka kwa kusuasua. Nimekosea wapi?"*

Ndugu, mambo haya mawili yalinipata kwa pamoja nilipokuwa nikifunza modeli ya parameta milioni 250 kwa AdamW.

Kuhusu kumbukumbu, autocast haibadilishi uzito wa modeli wala hali ya optimaiza. Kila parameta hubaki na baiti 4 za uzito, 4 za gradienti na 8 za wastani mbili za AdamW, jumla 16, na kwa modeli yangu hizo ni GB 4 zisizoguswa. Kinachopungua ni matokeo ya kati ya tabaka yanayohifadhiwa kwa ajili ya hatua ya kurudi nyuma, nayo hayafiki nusu kamili, kwa sababu softmax na hesabu ya hasara hubaki katika biti 32. Zaidi ya hayo, autocast huhifadhi kwa muda nakala za uzito za biti 16, ambazo kwangu zilikaribia GB 0.5. Kwa hiyo faida huonekana unapoongeza ukubwa wa kundi au urefu wa mfuatano. Ukiwa na kundi dogo, usitarajie mengi.

Kuhusu hasara, chunguza mahali unapobana gradienti. Katika float16, thamani iliyo chini sana ya 6 × 10⁻⁸ hugeuka sifuri, ndiyo maana GradScaler huzidisha hasara, kwa kuanzia mara 65536, kisha hugawanya gradienti kabla ya kusasisha uzito. Mimi nilibana kabla ya mgawanyo huo. Gradienti zilizokuzwa zikabanwa hadi ukubwa wa 1, kisha zikagawanywa kwa 65536, kila parameta ikabaki na wastani wa takribani 10⁻⁹. Kiasi hicho ni kidogo kuliko `eps` ya AdamW, yaani 10⁻⁸, hivyo `eps` ikatawala kigawanyo na hatua za ujifunzaji zikapungua hadi kama sehemu moja ya kumi. Hakuna kosa lolote lililoonyeshwa kwenye skrini, na hilo ndilo lililonipotezea muda mwingi.

Mpangilio sahihi ni huu:

```python
scaler.scale(loss).backward()
scaler.unscale_(opt)
norm = clip_grad_norm_(model.parameters(), 1.0)
scaler.step(opt)
scaler.update()
opt.zero_grad()
```

Chapisha `norm` pamoja na `scaler.get_scale()`. Ikiwa `norm` iko katika maelfu tangu mwanzo hadi mwisho, karibu hakika `unscale_` imesahaulika. Hatua chache kurukwa mwanzoni ni kawaida, lakini kipimo cha `get_scale()` kikiendelea kushuka hadi kukaribia 1, huenda matokeo ya tabaka fulani yanapita 65504, ambacho ndicho kikomo cha float16, na hapo kukuza hasara hakusaidii. Kama kadi yako ina uwezo wa bfloat16, itumie na uondoe GradScaler kabisa, kwa kuwa masafa yake yanakaribia kulingana na ya biti 32.