Kuongoza kikundi mchanganyiko Isimila na Kalenga

Kikundi cha kawaida hapa Iringa huwa na watu wa kila aina: familia kutoka Dar, wageni wawili watatu wa Ulaya, wanafunzi wa sekondari, na mzee wa hapahapa aliyemsindikiza mjukuu. Ukizungumza na mmoja wao tu, wengine watatoa simu mfukoni.

Kwenye mwendo, Isimila, eneo la zana za mawe za kale, ndiko kunakompima muongozaji. Kushuka korongoni hadi kwenye zile nguzo za udongo kuna mteremko, na jua likishapanda hakuna kivuli cha kutosha. Anayetembea polepole mweke nyuma yako mara moja, asiwe mkiani, ili kikundi kizima kifuate hatua zake. Usifungue mdomo kabla wa mwisho hajafika. Anayefika ukiwa katikati ya maelezo amekosa mwanzo, na kwa aibu hataomba urudie. Ukisimama kueleza, jua likupige wewe usoni, wao walipe mgongo.

Maelezo ya lugha mbili huchukua muda mara mbili, kwa hiyo simulizi ya dakika tano inakuwa dakika kumi za kusimama. Mimi hujipa kama dakika mbili kwa kila lugha. Dakika mbili zinatosha kitu kimoja, mtu mmoja na tukio moja. Badilisha lugha ya kuanzia katika kila kituo, maana wanaosubiri tafsiri kila mara huanza kujiona wasindikizaji.

Pale kwenye zana za mawe, kwa mfano, sianzi na miaka. Nawaacha watazame kimya kidogo, kisha nauliza: "Ungelishikaje hili?" Hakuna anayeokota, zana zinabaki zilipolala. Nakunja kiganja changu hewani, nawaonyesha upande mpana unaokaa mkononi na ncha inayotazama mbele, na jinsi jiwe lilivyochongwa pande zote mbili. Watoto hukunja viganja vyao, na wazee nao. Hapo ndipo nasema makadirio yanayotajwa sana ni kama miaka 260,000. Namba ikija baada ya mkono, inakaa kichwani.

Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza watu hao walikuwa wanaongea lugha gani. Swali la namna hiyo lijibu kwa kutenganisha mambo mawili: kinachoonekana na kisichoweza kuonekana. Nilimwambia jiwe halihifadhi sauti, hivyo lugha hatuijui. Lakini tunaona umbo lilelile limerudiwa katika jiwe baada ya jiwe, kwa hiyo kwa namna fulani walifundishana. Aliridhika, na wakubwa wakaanza kuuliza maswali yao.

Kalenga ni kuzito zaidi, kwa sababu pale kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Simulizi yangu ni fupi: ngome ya Kalenga iliangukia mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1894, Mkwawa akaendelea kupigana msituni, na Julai 1898, huko Mlambalasi, akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa kilipelekwa Ujerumani, kikarudishwa mwaka 1954. Naishia hapo na kuwaacha watazame.

Swali linalonasa waongozaji wengi ni hili: "Kweli hili ni lake?" Usikasirike, na usiape. Eleza njia iliyotumika. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaka fuvu lirudishwe, lakini halikurudi wakati ule. Baadaye Gavana Twining wa Tanganyika alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akachagua kati ya mafuvu yaliyotoka huku kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na hilo lina alama ya risasi. Ukoo ulilipokea. Msikilizaji akishapata hayo ataamua mwenyewe, na mzee aliyesimama pembeni hajavunjiwa heshima.

Akiwemo Mjerumani, angalia macho ya kikundi. Wakianza kumgeukia, usiseme "ninyi". Taja waliohusika: jeshi la kikoloni, na Gavana Friedrich von Schele aliyeongoza shambulio la Kalenga. Ukweli haupungui hata chembe, na mgeni anabaki msikilizaji badala ya kuwa mshtakiwa.

Mzee wa Kihehe akisema, "Babu yangu hakusimulia hivyo," mpe nafasi. Mwambie, "Tusimulie ulivyosikia, mzee," kisha umtafsirie kwa ukamilifu, hata pale anapokupinga. Akimaliza, waeleze wageni kwamba maelezo yako yametoka kwenye maandishi na ya kwake yametoka kwenye ukoo, na pale yanapotofautiana pataje wazi. Akianza kurefusha, subiri avute pumzi, umshukuru, kisha uwapeleke wote nje kwenye kivuli ayamalizie huko wakiwa wamekaa.