Upepo wa ziwa na dohani: maswali yenu kuhusu nguvu na momenti ya chini

Maswali ya safari hii yanahusu dohani za boila, zile za chuma zinazosimama peke yake bila nyaya. Ili tusipotezane, nitatumia dohani moja ya mfano kote: kimo mita 30, kipenyo cha nje mita 1.2, bati la milimita 6. Upepo wa dhoruba nimeuchukua kuwa mita 30 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 10. Hiyo ni tarakimu ya mfano tu. Mwenye kazi halisi atumie kasi iliyomo kwenye kanuni za ujenzi anazozifuata.

Kitabu kimoja kinasema kizigeu cha ukinzani cha silinda ni 1.2, kingine 0.7, na rafiki yangu ana grafu inayoshuka hadi 0.3. Nani mkweli? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Wote watatu, ila kila mmoja anazungumzia upepo wake. Kizigeu hicho hubadilika kufuatana na namba ya Reynolds, yaani densiti ya hewa mara kasi mara kipenyo, ukigawa kwa mnato wa hewa. Namba hiyo ikiwa chini ya laki mbili hivi, tabaka jembamba la hewa linalogusa ngozi ya silinda hupita kwa utulivu. Likifika mabegani mwa silinda, kabla hata ya sehemu pana kabisa, linabanduka. Nyuma unabaki mkia mpana wa hewa yenye presha ndogo, na mkia huo ndio unaoivuta silinda. Hapo ndipo penye 1.2.

Namba ikifika laki tatu hadi tano, tabaka lile linavurugika kabla ya kubanduka. Kwa kuvurugika linapata nguvu ya kung'ang'ania ngozi hadi upande wa nyuma, mkia unakuwa mwembamba, na kizigeu kinaporomoka hadi karibu 0.3. Ukiendelea juu hadi milioni kadhaa kinapanda tena na kutulia karibu na 0.6 au 0.7.

Sasa tupime dohani yetu. Densiti ya hewa ya Mwanza ni kama kilo 1.04 kwa mita ya ujazo, mnato ni 0.0000185, na kasi kileleni ni mita 35 kwa sekunde. Namba inatoka karibu milioni 2.4. Kwa hiyo natumia 0.7. Na ile 0.3 ya rafiki yako? Dohani hii huipata upepo ukiwa kama mita 6 kwa sekunde, yaani upepo wa kawaida wa mchana kutoka ziwani, ambao haujawahi kuangusha kitu. Kuibeba 0.3 hadi kwenye dhoruba ni kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye hesabu hizi. Isitoshe, kutu, masizi na rangi iliyobabuka huikwaruza ngozi na kulijaza bonde lile la grafu. Hata kama namba ya Reynolds ingekuangukia hapo katikati, usiitumie.

Nilifunga bomba la plastiki la sentimita 11 juu ya pikapu, ncha zote mbili nikaziba kwa plaiwudi pana, nikalivuta kwa mizani ya samaki. Kwa kilomita 54 kwa saa, bomba la mita moja lilisoma kilo moja na nusu. Nikapata kizigeu 1.1. Mbona hakifanani na 0.7? (Fundi, Igoma)

Nimelipenda jaribio lako, na hizo plaiwudi ndizo zilizoliokoa. Bila hizo hewa ingezunguka kwenye ncha, na bomba fupi namna hiyo lingekudanganya kwa kusoma pungufu. Ulichopima ni sahihi kwa bomba lako: namba yake ya Reynolds ni kama elfu tisini na tatu tu, bado iko kwenye ukoo wa 1.2. Ili bomba hilo liishi maisha ya dohani, ingebidi pikapu ikimbie mita 380 kwa sekunde, kasi inayoizidi sauti. Ndiyo maana modeli ndogo ya kitu cha mviringo haiaminiki hivi hivi, tofauti na modeli ya kitu chenye kona kali, ambapo hewa hubandukia konani kwa kasi yoyote.

Jibu lako lina kazi nyingine, lakini. Ngazi ya kupandia dohani ina nguzo mbili za bomba la sentimita 5, na hizo nazo ziko kwenye 1.2 hata ndani ya dhoruba. Upana wake kwa pamoja ni mita 0.1, zidisha kwa 1.2 upate 0.12. Dohani yenyewe ni 1.2 mara 0.7, yaani 0.84. Ngazi ikikaa ubavuni pa upepo inaongeza kama asilimia 14, na vipandio bado hujavihesabu. Michoro mingi huisahau ngazi kabisa.

Nimepata nguvu yote ya upepo. Nizidishe kwa nusu ya kimo nipate momenti ya chini? (Mwanafunzi, Mwanza mjini)

Ungefanya hivyo kama upepo ungekuwa sawa kutoka chini hadi juu. Hauko hivyo. Ardhi, nyumba na miti huushika miguu, na juu unakimbia zaidi. Kanuni rahisi ya eneo lililo wazi ni kwamba kasi hukua kwa kimo kilichopandishwa kipeo cha moja ya saba. Ndiyo iliyotufikisha mita 35 kileleni kutoka mita 30 za kimo cha mita 10.

Igawe dohani vipande vitatu vya mita 10, na kila kipande ukipe kasi ya katikati yake:

```
F = 0.5 × 1.04 × V² × 0.7 × 1.2 × 10 ÷ 1000

kimo (m)   V (m/s)   F (kN)   F × kimo (kNm)
   5        27.2      3.2          16
  15        31.8      4.4          66
  25        34.2      5.1         128
jumla                12.8         210
```

Itazame safu ya mwisho. Theluthi ya juu inachukua asilimia 40 tu ya nguvu, lakini inaleta asilimia 61 ya momenti, kwa sababu mkono wake ni mrefu. Ukichukua jumla ya kiloniutoni 12.8 ukaizidisha kwa mita 15, unapata 192 badala ya 210. Nguvu umeipata vizuri, umeiweka mahali pasipo pake. Hapa inakaa kama mita 16.5 kutoka chini. Ukigawa vipande vingi zaidi jibu halitasogea kiasi cha kukusumbua. Vitatu vinatosha kwa dohani iliyonyooka.

Tuko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita elfu moja na mia moja. Hewa nyepesi haitusaidii? (Msomaji, Ilemela)

Inasaidia. Pwani ungetumia kilo 1.2, hapa 1.04, kwa hiyo nguvu inapungua kama asilimia 13. Lakini kama kanuni unazozifuata zimeweka densiti yao, ifuate hiyo. Tena hewa inayoshuka na mvua ya radi ni baridi, na baridi huirudishia hewa uzito kidogo. Mimi punguzo hili huliacha likae kama akiba.

Kituo cha hali ya hewa kinanipa wastani wa upepo wa dakika kumi. Nitumie huo? (Msomaji, Kirumba)

Hapana, si peke yake. Nguvu hufuata mraba wa kasi. Wastani wa mita 21 kwa sekunde ukibeba ndani yake mvumo wa ghafla wa mita 30, nguvu ya mvumo huo ni mara mbili ya ile ya wastani. Huko Ferrybridge, Uingereza, tarehe 1 Novemba 1965 minara mitatu ya kupozea maji kati ya minane iliporomoka, na moja ya sababu zilizobainika ni kwamba usanifu ulitumia kasi ya wastani badala ya mivumo mifupi. Sababu nyingine ni kwamba minara ilipangwa karibu karibu, na ile ya mbele ikauvuruga upepo ulioipiga ile ya nyuma. Ukiwa na dohani mbili jirani, hesabu hii ya silinda iliyo peke yake haikutoshi.

Momenti nimeipata. Nitajuaje kama bolti za chini zinaihimili? (Fundi, Magu)

Tuseme bolti ni 12 kwenye duara la kipenyo cha mita 1.5. Bolti iliyo upande wa upepo huvutwa kwa mara nne ya momenti, gawa kwa idadi ya bolti mara kipenyo cha duara: 840 kwa 18, yaani kiloniutoni 47 hivi. Dohani ina uzito wa kiloniutoni 52, na kila bolti inapata nafuu ya kama 4. Zinabaki 42 au 43. Kabla ya kuchagua bolti, iongeze momenti ya upepo kwa kigezo cha usalama cha kanuni zako, lakini uzito usiuongeze, maana hapo uzito yuko upande wako.

Bati lenyewe lina nafasi kubwa. Mkazo chini ni kama megapaskali 31, na hata kutu ikila nusu ya unene utafika 62 tu. Udhaifu huanzia kwenye bolti. Ukienda kukagua, piga magoti utazame nati za upande unaopigwa zaidi na upepo. Rangi iliyopasuka kwa duara kuizunguka nati, na mstari wa kutu unaotiririka chini yake, vinakuambia kwamba bamba la chini ya dohani linainuka na kurudi. Niliwahi kuona dohani ya kiwanda kimoja ambayo nati zake nne zilizungushwa kwa vidole, na watu walikuwa wameshaipaka rangi mpya juu yake.

Dohani yetu inayumba upepo ukiwa mdogo, tena inayumba kwa upande, si kuelekea upepo unakokwenda. Dhoruba ikija inatulia. Tumerogwa? (Msomaji, Sengerema)

Hamjarogwa. Nyuma ya silinda hewa huachia visulisuli kwa zamu, kushoto na kulia, na kila kimoja huivuta dohani upande wake. Zamu hizo zikilingana na mdundo wa dohani yenyewe, inaanza kucheza. Dohani yetu ya mfano hucheza kama mara 1.4 kwa sekunde. Zidisha kwa kipenyo, gawa kwa 0.2, namba inayotumika kwa visulisuli vya silinda, upate upepo wa mita 8 hivi kwa sekunde, ambao hapa ziwani hamuukosi. Hesabu ya ukinzani haikuonyeshi jambo hili hata kidogo, na bolti huchoka kwa kurudiarudia huko.

Dawa inayojulikana ni mapezi ya bati yanayoizunguka theluthi ya juu kama nyuzi za skrubu, ili visulisuli visiachie kwa pamoja. Lakini msiyachomelee kabla ya kurudi kwenye jedwali letu. Mapezi hukipandisha kizigeu cha sehemu hiyo hadi 1.2 au zaidi. Kwa 1.2 kipande cha juu kinatoka kiloniutoni 5.1 hadi 8.8, na momenti ya chini inapanda kutoka 210 hadi karibu 300. Kila bolti ya upande wa upepo sasa inavutwa kwa kiloniutoni 62 hivi. Bolti na msingi vilivyopimwa kwa 210 vipimwe upya kwanza, ndipo fundi apande juu.