Hasara ya shamba na faida ya duka: kipi kinapunguza kipi kwenye kodi

Kampuni nyingi za Dodoma zina miguu miwili. Duka la vifaa vya ujenzi liko mjini, na shamba la zabibu liko Mpunguzi au Hombolo, yote chini ya TIN moja. Mwaka wa hasara ukipita na faida ikarudi, mhasibu hujumlisha hasara zote na kuzitoa kwenye faida yote. Hapo ndipo ritani inapoharibika, kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inaitenga hasara ya kilimo. Hasara hiyo hupunguza mapato ya kilimo tu.

Kwanza ipate hasara yenyewe, maana ile iliyo kwenye hesabu zilizokaguliwa siyo inayobebwa kwenda kutolewa kwenye faida ya miaka ijayo. Tuchukue mfano wa kampuni ambayo duka lake lilionyesha hasara ya shilingi milioni 44 mwaka 2023. Ndani yake kuna uchakavu wa kihasibu wa milioni 12 na faini ya milioni 2. Vyote viwili havikubaliki kikodi, kwa hiyo virudishe, na hasara inashuka hadi milioni 30. Sasa toa uchakavu unaoruhusiwa na sheria. Kampuni ilinunua lori la kubeba tani 5 kwa milioni 64. Lori hilo liko daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kwa mwaka, sawa na milioni 24.

Lakini lori hilo halikubeba saruji peke yake, lilipeleka samadi na nguzo shambani pia. Kama daftari la safari linaonyesha robo ya kilomita ni za shamba, duka linachukua milioni 18 na shamba milioni 6. Hasara ya duka inakuwa milioni 48. Bila daftari hilo mgawanyo wako hauna cha kuushikilia, na mkaguzi anaweza kuupanga upya. Fanya vivyo hivyo kwa mshahara wa meneja na dizeli.

Shamba lilikuwa na hasara ya milioni 14 kabla ya lori, sasa milioni 20. Msishangae mwaka wa kwanza wa mizabibu kuwa mzito hivi. Sheria inaruhusu gharama za kusafisha shamba, kuchimba mifereji ya umwagiliaji na kupanda mazao ya kudumu zitolewe palepale, wakati mavuno bado hayajafika.

Mwaka 2024, baada ya marekebisho yote na uchakavu wa mwaka huo, duka lina faida ya milioni 70 na shamba milioni 6. Kwenye duka, 70 toa 48 inabaki milioni 22. Kwenye shamba, unatoa milioni 6 tu, mapato yanakuwa sifuri, na milioni 14 zinasubiri faida ya zabibu ya miaka ijayo. Hazina tarehe ya kufa. Kodi ya asilimia 30 ni milioni 6.6. Aliyeweka duka na shamba kapu moja anatoa 68 kwenye 76, anabaki na milioni 8 na kulipa milioni 2.4. Pengo la milioni 4.2 litadaiwa siku ya ukaguzi, pamoja na riba. Na hasara hupunguza mapato, haipunguzi kodi: wapo wanaotoa milioni 48 kwenye kodi yenyewe.

Angalia pia kama kikomo kinakuhusu. Mfano wetu una mwaka mmoja wa hasara, ndiyo maana duka limetumia zote. Kampuni yenye hasara isiyofidiwa kwa miaka minne mfululizo hairuhusiwi kufuta faida yote. Sehemu yake lazima itozwe kodi. Asilimia hiyo iangalie katika Sheria ya Fedha ya mwaka husika, usinakili ya ritani ya zamani. Umiliki wa hisa nao ukibadilika kwa zaidi ya nusu, hasara za nyuma zinaweza kupotea, hivyo liangalie hilo kabla ya kumwingiza mwanahisa mpya.

Kinachotusumbua zaidi ni nyaraka. Sheria inataka zitunzwe miaka mitano, lakini milioni 14 za shamba huenda zikatumika baadaye kuliko hapo. Tunza risiti za EFD za mwaka wa hasara hadi shilingi ya mwisho itumike, kisha hesabu miaka mitano kutoka hapo. TRA ikikataa milioni 10 za matumizi ya duka ya 2023 kwa kukosa risiti, mwaka ule hautadaiwa kodi, kwa kuwa bado ni hasara. Lakini hasara iliyobebwa inashuka hadi milioni 38, mapato ya 2024 yanapanda hadi milioni 32, na kodi inaongezeka milioni 3. Kwa hiyo tathmini inayopunguza hasara isipuuzwe eti haina cha kulipa. Pingamizi lina siku 30 tangu kupokea tathmini, na ukizikosa takwimu hiyo ndiyo utakayoibeba.