Laptopu imekufa, paswadi zote zimo ndani: usikimbilie "Forgot password"

Mie nina saiba ndogo hapa Mwembe Tayari, na kila wiki hakosi mtu wa kuja na hadithi hii hii, laptopu imekufa, amenunua nyingine, sasa paswadi zake za iTax na eCitizen na imeli zote zilikuwa zimehifadhiwa kwenye brauza ya ile ya zamani na hazikumbuki hata moja. Zamani nilikuwa nawacheka kimoyomoyo, mpaka siku chai ya maziwa ilipomwagikia kibodi yangu mwenyewe, asubuhi, mahamri bado ya moto. Fundi akaifungua akanionyesha ubao umeungua upande wa chaji. "Hii bwana tusidanganyane, tafuta nyingine." Nikachukua ya mtumba.

Mie natumia Firefox na nilikuwa nimewasha sinki (sio ile ya kuoshea vyombo, hii ni ya kulinganisha vitu vyako kati ya vifaa), kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikaweka Firefox kwenye mashine mpya, nikaandika imeli yangu, ikaniuliza paswadi ya akaunti ya Mozilla, ile iliyokuwa ikiitwa akaunti ya Firefox. Sasa hiyo paswadi nimeiandika mara ya mwisho lini? Miaka. Laptopu ya zamani ilikuwa imeingia tu siku zote, haiulizi. Nikajaribu tatu nne, zikakataa, nikabonyeza Forgot password, namba ya uthibitisho ikaja kwenye imeli ambayo kwa bahati ilikuwa wazi kwenye simu, nikaweka paswadi mpya, nikaingia. Nafurahi kabisa. Nafungua ukurasa wa paswadi, mtupu. Hakuna hata moja, wala zile alama za kurasa nilizohifadhi.

Kumbe mambo yako hivi. Firefox inafunga vitu vyako kwa ufunguo unaotokana na ile paswadi ya akaunti yako, inavifunga hapo hapo kwenye mashine yako kabla havijapelekwa kwenye seva, kwa hiyo hata wenye seva hawawezi kuvisoma. Ukibadilisha paswadi hali unaikumbuka ile ya zamani, hamna shida, kwa sababu unafungua na kufunga upya. Lakini ukiisahau na ukaweka mpya kupitia imeli, ufunguo wa zamani umepotea, na vilivyoko kwenye seva vinafutwa kwa sababu havifunguki tena. Kuna maandishi ya kukuonya pale, mie kama watu wote nikayapita.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza hicho kitufe, shika simu yako kwanza. Kama uliwahi kuingia Firefox kwenye simu kwa akaunti hiyo hiyo, basi paswadi zako ziko ndani ya simu yenyewe, si kwenye seva tu. Ingia Settings, tafuta sehemu ya Passwords, utaziona orodha nzima. Kuna dada mmoja jirani yangu hapa anauza vitenge, yeye kilichomuokoa ni hicho. Nilimwambia kaa hapo, usiguse kitu, tukazinakili kwenye daftari zile muhimu moja moja, ndo baadaye tukabadilisha paswadi ya akaunti, simu ikaingia upya na ikapandisha zilezile kwenye seva, na laptopu mpya ikazivuta.

Mie simu yangu haikuwa na Firefox. Ila laptopu ikifa haina maana diski imekufa. Nilirudi kwa fundi nikamwambia nitolee diski tu, skrubu chache, akaniuzia na kikasha cha kuichomeka kwa USB. Kwenye mashine mpya nikaifungua kama flashi ya kawaida. Windows itakwambia huna ruhusa ya folda ya mtumiaji, bonyeza Continue, usubiri kidogo. Folda ya AppData imefichwa, kwa hiyo washa kwanza Hidden items, halafu fuata njia hii, mahali pa `jina` ni jina lako ulilokuwa ukitumia:

```
Users\jina\AppData\Roaming\Mozilla\Firefox\Profiles
```

Humo utakuta pengine folda mbili, moja inaishia `.default` na nyingine `.default-release`. Mara nyingi ya kweli ni ile ya pili, ile ya kwanza iko karibu tupu. Ndani yake kuna mafaili mawili unayoyataka:

```
logins.json
key4.db
```

La kwanza lina paswadi zenyewe zikiwa zimefungwa, la pili lina ufunguo. Lazima yaende pamoja. Mie mara ya kwanza nilichukua `logins.json` peke yake nikijiona mjanja, nikafungua, orodha tupu, nikadhani faili limeharibika. Si faili, ni mie niliyebeba kufuli nikaacha ufunguo.

Kwenye Firefox mpya andika `about:support` pale juu, bonyeza Open Folder kwenye mstari wa Profile Folder, halafu FUNGA Firefox kabisa, madirisha yote, ndo ubandike hayo mafaili mawili juu ya yaliyopo. Ukibandika ikiwa wazi inaweza kuyaandika tena juu yako. Na kama tayari umehifadhi paswadi kwenye mashine mpya zitafunikwa, kwa hiyo fanya hii kazi mwanzo. Ukifungua tena andika `about:logins`. Zangu zilirudi zote, hadi ya bima niliyoacha kulipa zamani.

Kuna vizuizi viwili. Kama uliweka Primary Password, ile paswadi moja ya kufungia zote ndani ya Firefox, itakuuliza, na usipoikumbuka basi. Na kama diski ilifungwa kwa BitLocker itataka namba ya tarakimu 48, ambayo mara nyingi ipo kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia huko kwa simu utafute.

Wa Chrome msiige hii ya mafaili. Kwenye Windows paswadi za Chrome zimefungwa kwa ufunguo wa yule mtumiaji wa Windows wa mashine ile, ukinakili faili unapata takataka. Lakini nyinyi upande wa seva mna nafuu, ukisahau paswadi ya Google ukaibadilisha, zilizohifadhiwa kwenye akaunti hubaki, ziangalie `passwords.google.com`. Isipokuwa kama uliwahi kuweka passphrase yako mwenyewe ya sinki, hapo unarudi kwenye shida ya Firefox ile ile.

Na jamani, msije kufanya haya kwenye kompyuta ya saiba, hata yangu. Ukiwasha sinki pale, paswadi zako zote zinashuka kwenye diski yangu, na watu huondoka bila kutoka kwenye akaunti zao. Nishazikuta.

Nilipomaliza niliingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Mozilla nikatengeneza Account recovery key, ambayo ukiwa nayo unaweza kuweka paswadi mpya na vitu vyako visifutwe. Nimeiprinti, ipo kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa, na mke wangu anajua ilipo, maana mie nishasahau droo gani.