Kata mistari ya skripti pale maana inapokata

Mtu anayesoma teleprompta, ile mashine inayopitisha maandishi kwenye kioo mbele ya kamera, hujulikana ndani ya sentensi mbili, hata ukiwa umefumba macho na unamsikiliza tu. Kinachomfichua ni mahali anapotua. Katika mazungumzo tunatua wazo linapokamilika. Kwenye teleprompta maandishi huwa makubwa, mstari mmoja unabeba maneno matatu au manne, na programu inaukata popote nafasi inapokwisha. “Siku za” inabaki juu, “huduma” inaangukia mstari wa chini, na sauti ya msomaji inaanguka nayo. Baada ya mistari sita hivi, kila kitu kina kiimbo kimoja: kupanda kidogo, kushuka, kupanda kidogo, kushuka.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaandaa watu wanaorekodi ujumbe mbele ya kamera, na wengi wao si watangazaji. Wakiniambia “nisaidie sauti yangu”, mimi huomba kwanza kuiona skripti, kwa sababu mara nyingi sauti haina tatizo lolote.

Daktari mmoja wa macho alikuja na sentensi hii:

“Kutokana na ongezeko la wagonjwa lililoshuhudiwa katika kipindi cha miezi mitatu iliyopita, kliniki yetu imeamua kuongeza siku za utoaji wa huduma kutoka 2 hadi 4 kwa wiki kuanzia tarehe 15.”

Kwenye barua inapita vizuri. Mdomoni ni mzigo, maana msikilizaji anasubiri mpaka katikati ya sentensi ndipo ajue nani amefanya nini. Nilimwomba aiweke karatasi kando, aniangalie, kisha aniambie kuna habari gani. Simu ilikuwa inarekodi. Akasema, kwa sauti yake ya kila siku: “Wagonjwa wameongezeka sana miezi hii mitatu. Sasa tunaongeza siku. Zilikuwa mbili, zitakuwa nne.” Skripti tuliyoitaka ilikuwa imeshatoka kinywani mwake. Tulichofanya ni kuiandika, kuongeza tarehe, na kukata mistari kwa kubonyeza kitufe cha kushuka mstari sisi wenyewe:

Kwa miezi mitatu sasa,
wagonjwa wameongezeka sana.

Kwa hiyo kliniki yetu
inaongeza siku za huduma.

Zilikuwa mbili kwa wiki;
sasa zitakuwa / nne.

Tunaanza
tarehe kumi na tano.

Angalia vitu vitatu hapo. Kila mstari ni kipande kinachosimama chenyewe, na “siku za huduma” haijatenganishwa. Maneno yaliyofungwa na “za”, “ya”, “wa” au “cha” yakae mstari mmoja kila inapowezekana; hata ukilazimika kupunguza ukubwa wa herufi kidogo, afadhali. Pili, namba zimeandikwa kwa maneno. Jicho likikuta 15, mdomo unangoja ubongo utafsiri, na ngoja hiyo husikika. Tatu, kuna mstari mtupu baada ya kila wazo. Hapo ndipo pa kuvuta pumzi. Programu nyingi za simu husogeza maandishi kwa kasi ileile bila kujali umenyamaza au la, kwa hiyo usipoweka nafasi tupu utaogopa kutua, ukijua maneno yanakukimbia.

Alama / ni kituo kifupi kisicho na pumzi. Nimekiweka kabla ya “nne”, na hili nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha: kituo kinachotangulia neno humfanya msikilizaji aelekeze sikio, na neno likifika linamkuta tayari. Watu wengi hutua baada ya neno zito, wakati limeshapita.

Kuchagua neno la kutilia mkazo hakuhitaji kipaji. Jiulize sentensi inajibu swali gani. “Sasa zitakuwa nne” inajibu “siku ngapi?”, basi uzito uende kwa “nne”. “Siku” ilishatajwa, msikilizaji anaijua, ipite kwa wepesi. Neno moja kwa sentensi latosha. Daktari alipojaribu kukazia “zilikuwa”, “mbili”, “sasa” na “nne” kwa pamoja, alisikika kama anagomba, na hakuna neno hata moja lililobaki kichwani mwangu. Jihadhari pia na kukandamiza viunganishi: “kutoka mbili HADI nne”. Hutokea msomaji anapohisi anapaswa kuweka nguvu mahali fulani lakini hajaamua wapi.

Namna ya kukazia nayo ina mipaka yake kwa Kiswahili. Mkazo wa maneno yetu, isipokuwa machache, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukitaka kukazia “tunaongeza”, irefushe kidogo na uipandishe ile “nge”. Usiipige “TU” ya mwanzo. Nasikia mara nyingi wasomaji wanaotaka kuonyesha hamasa wakipiga silabi ya kwanza ya kila neno, na matokeo yake ni ya tangazo la kuuza bidhaa, hata kama habari ni ya msiba.

Kasi usiiige kwa mtu. Jirekodi ukimweleza rafiki jambo unalolijua, hesabu maneno ya dakika moja, kisha weka mwendo wa teleprompta karibu na hapo. Huo ni wastani tu. Ndani yake uende mbio kidogo kwenye yanayojulikana na upunguze kwenye majina, namba na tarehe. Ukiwa na mtu wa kuendesha mashine, fanyeni jaribio pamoja kabla ya kurekodi, na mkubaliane kwamba yeye anakufuata wewe. Ukinyamaza, anasimama. Ukiwa peke yako, rimoti au pedali ya mguuni itakupa uhuru huohuo.

Zoezi ninalolirudia na kila mtu ni kusoma skripti nzima kwa mnong'ono. Mnong'ono hauna kiimbo cha kukubeba, hivyo maana inabaki mikononi mwa vituo na urefu wa silabi. Kama anayesikiliza haelewi, vituo vimekaa vibaya. Rekebisha mistari, kisha rudia kwa sauti na ulinganishe na ile rekodi ya kwanza ya bila karatasi. Ukisikia mwisho wa kila sentensi unashuka kwa namna ileile, bado unasoma.

Macho yatulie kama sauti. Kamera ikiwa umbali wa mita mbili au zaidi, na maandishi yakiwa kwenye safu nyembamba katikati ya kioo, mwendo wa macho kutoka kushoto kwenda kulia hauonekani sana. Mstari unaousoma uwe usawa wa lenzi. Pepesa kwenye vituo. Anayesoma husahau kupepesa, na mtazamaji huona ukavu huo bila kujua ni nini.

Kuna skripti usizoruhusiwa kubadilisha, kama tamko la kisheria au nukuu. Hizo usiguse maneno. Kata mistari tu, weka alama moja moja, na upunguze mwendo. Ukijikwaa popote, usirudie neno lililokuponyoka peke yake. Nyamaza, acha maandishi yarudi mpaka kwenye mstari mtupu wa juu yake, vuta pumzi, uanze wazo lote upya. Kiimbo cha kipande kizima kitakuwa kimoja, na mhariri atapata mahali safi pa kukata.